Hema Lisilo na Nguzo

Jedwali langu la kwanza la kulinganisha bei lilikuwa mezani kwa bosi. Lilihusu sherehe ya kumuaga mhasibu wetu, tuliyemwita Mlingoti kwa urefu wake. Mzabuni wa kwanza alitaka 800,000, kila kitu ndani. Wa pili aliandika hema 120,000, viti 80,000 na chakula 450,000, jumla 650,000.

Bosi akashika kalamu. "Wa pili! Bei ya kutupa!"

Nilitamani kunyamaza, lakini siku ya sherehe lawama ingekuwa yangu. "Samahani, bosi, tazama safu ya vilivyomo. Hema lake ni turubai tu. Nguzo ni 90,000 zaidi, usafiri 60,000, sahani 40,000. Jumla halisi ni 840,000."

"Nguzo za nini? Watu warefu si tunao?"

Tukamgeukia Mlingoti, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kulishika nitalishika," alisema kwa upole. "Ila mimi ndiye ninayeagwa. Nitakula kwa mkono upi?"

Bosi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alipoiokota, alimtilia sahihi mzabuni wa kwanza.