Kadi Mbili, Majina Yale Yale

Loisi, mtunza picha wa filamu inayopigwa Tunduma, alirudi kutoka kula akamkuta Osward, mpiga kamera, kwenye kompyuta yake.

“Nimekusaidia kunakili kadi ya pili ya kamera, dada. Kompyuta iliuliza kama ibadilishe mafaili yenye majina sawa, nikakubali.”

Loisi alifungua folda haraka. Kamera ile huanza upya namba za majina ya mafaili kwenye kila kadi, kwa hiyo picha za mchana zilikuwa zimefuta mahojiano ya asubuhi na mjane wa dereva wa lori. Kadi ya asubuhi nayo ilishafutwa ili itumike tena.

“Kila kadi ina folda yake, kaka! Nimesema mara ngapi?”

Alichomeka diski ya pili, ile ya nakala za akiba, ambayo Osward hakuigusa. Mahojiano yalikuwemo, mazima. Akayanakili upya akiwa amenuna, huku Osward akiuliza, “Bado tu hujamaliza?”