Do ya Mlangoni

Mimi sipendi kufundishwa kinanda na mtu asiyejua hata do iko wapi. Kwa hiyo Mama Mabula aliponiambia mbele ya kwaya yangu nzima, "Huyo siyo mwanangu," nilifura.

Mwanawe, Mabula, alifukiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, huko Runzewe. Walichimba mpaka wakakata tamaa, mwili haukupatikana. Mama hakuwa na cha kuzika. Alichobakiwa nacho ni wimbo wa Mabula wa kurudisha ng'ombe, na alitaka kumsikia humo mara ya mwisho kwenye ibada ya kumuaga.

Wimbo una sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Mwishoni unashuka hadi la ya chini, kisha unapanda kutua kwenye do. Hiyo do Mabula alikuwa akiibakiza mpaka afike mlangoni mwa zizi. Mama akiisikia, anajua mwanawe kafika, anasonga ugali.

Ni meja, wimbo mchangamfu. Nikaona msibani haufai, nikautia maina, ngazi ya huzuni: mi nikaishusha nusu toni, na la vilevile. Kutoka do hadi mi kuna nusu toni nne, zikabaki tatu. Wimbo ukanyong'onyea kama mtu anayeongea amechoka. Nilijipongeza, jamani! Ndipo mama aliposema huyo siyo mwanawe.

"Mwalimu," akadakia Martina, mwimbaji wetu mwenye mdomo, "mbona misibani tunaimba meja kila siku na watu wanalia? Na harusini maina zinachezwa mpaka viatu vinakatika!"

Kweli tupu, na iliniuma. Mwendo wa pole na sauti za chini huliza pia, na mengine ni mazoea ya masikio. Lakini kiburi nacho! Nikamgeukia mama wa watu, "Haya, imba wewe, mama."

Akaimba polepole, sauti zile zile za Mabula, hata moja hakuishusha. Akafika la ya chini, akanyamaza. Kidole changu kilikuwa juu ya do, kinamsubiri. Akaanza upya, akanyamaza pale pale. Nikadhani amesahau, nikamsaidia: nikabonyeza do.

"Usimfikishe!" akapaza sauti. "Hapo ni mlangoni. Mwanangu hajafika."

Nikaiachia do, nikabonyeza la, do na mi pamoja. La ikawa ndiyo makao ya wimbo, na kutoka hapo hadi do ni nusu toni tatu. Maina yenyewe, na sauti za Mabula hazijaguswa. Martina alijifunika uso kwa khanga. Mimi nililia waziwazi, aibu zote zikanitoka.

Siku ya ibada tuliimba hivyo hivyo. Tulipotua kwenye la, kanisa zima likabaki linasubiri.

Mama Mabula aligeuka kutazama mlango.