Simu ya saa kumi

Mukubwa wa reli kule Kabalo aliita mkutano wa siku nzima kuhusu hatari ya njia ya Niemba, ambako treni zilikuwa zinaviziwa na watu wenye silaha.

"Na tutafika kwa njia gani, kama si hiyohiyo?" Léon, karani, alicheka, pale kwenye biro ya stesheni ya Albertville. Akapeleka telegramu: "Tuongee kwa simu, dakika kumi na tano tu. Leo saa nane ao saa kumi, chagua. Tuamue jambo moja: treni ya kesho iende ao isiende."

Dereva wa treni hiyo alikuwa Hippolyte, kaka yake.

Jibu likaja: saa kumi. Saa nane mukubwa hulala.

Saa nane Léon alijaribu laini, Kabalo ikaitika vizuri. Saa kumi laini ilikuwa kimya. Fundi akapima, akasema waya umekatwa upande wa Niemba.

"Papa, jibu njo hilo," Léon alimwambia shefu wa stesheni.

"Jibu linatoka kwa mukubwa. Lisipotoka, treni inaenda."

Hippolyte, aliyekuwa mlangoni, alipangusa mafuta mikononi. "Usinune, mudogo wangu. Nikifika, nitamuuliza mwenyewe."

Léon, aliyetania hata msibani, aliinua simu tena, akaita Kabalo.