Mkanda wa Manjano

Picha ya Lewis iliingia kwenye simu saa tatu na nusu asubuhi, Kwamboka akiwa amezingirwa. Ilikuwa siku ya soko mjini Nyamira, na duka la pembejeo alikouza lilikuwa limejaa watu wa kila haja: huyu anataka mbegu za mboga ya managu, yule dawa ya kupe, mwingine amekuja na jani la nyanya lenye madoa ndani ya karatasi ya sukari ili aambiwe limepatwa na nini. Mwenye duka, Madam Margret, alikuwa nyuma akihesabu mifuko ya mbolea.

Kutumiwa picha hakukuwa jambo geni. Wateja walikuwa wamezoea kupiga picha chupa waliyoikuta ghalani, labda aliyoiacha marehemu mzee, kisha kumwuliza Kwamboka ni dawa ya nini, ya mahindi au ya ng'ombe. Naye alipenda kujibu. Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa akienda darasani Sironga kusomea kazi ya kuuza dawa za shamba, akimwacha binti yake Bosibori kwa jirani. Kila aliyejibiwa vizuri alimfanya ahisi kwamba cheti kinakaribia.

Lakini huyu hakuwa mteja. Lewis alikuwa mdogo wake, ambaye Kwamboka alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa hajaota meno yote ya utu uzima. Sasa alikuwa kibarua katika shamba la chai la Mzee Nyamweya huko Gesima. Chini ya picha alikuwa ameandika:

"Mama Bosi, nimemeza hii kidogo nikivuta na mpira. Nimetapika yote. Ni kali?"

Hilo la mpira Kwamboka alilijua. Dawa ya magugu ilinunuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, na mtungi mzima ni mzito kuinamisha bila kumwaga. Kwa hiyo vibarua walitumbukiza mpira mwembamba, mmoja akavuta kwa mdomo kama wanavyofanya na petroli ya pikipiki, na dawa ilipokaribia midomo akaubana na kuuelekeza kwenye chupa ndogo. Kila mwenye pampu ya kupulizia alipewa chupa yake aende nayo kwenye mistari ya chai. Anayejua kuvuta bila kuonja alisifiwa. Lewis alisifiwa sana.

Alitazama picha huku akimrudishia mtu chenji. Ilikuwa imepigwa kwa haraka, kidole gumba kikiwa kimefunika robo ya karatasi ya mtungi, na juu ya kidole maandishi yalikuwa ukungu mtupu. Kilichoonekana wazi ni mkanda wa rangi uliozunguka chini. Ulikuwa wa manjano.

Pale dukani mkanda ndio uliokuwa lugha. Mwekundu: usiuze kwa mtu usiyemjua. Manjano: ya kati. Bluu: ya kawaida. Kijani: hata ukimwagikiwa, nawa uendelee. Madam Margret alimfundisha hivyo siku ya kwanza, na wakulima walijua hivyo hivyo, hata wasiojua kusoma. Na kama ametapika yote, si imetoka?

"Si ile nyekundu," akaandika. "Sukutua mdomo, kunywa maziwa, pumzika kidogo. Wacha hiyo mambo ya kuvuta na mdomo, utaniua na presha."

Lewis akarudisha emoji ya kidole gumba na ya uso unaocheka. Mteja aliyefuata alikuwa na shida ya kuku.

Saa tisa alasiri duka lilipopoa, simu ikalia tena. Ulimi unawaka, Lewis aliandika, kama aliyetafuna pilipili mbichi, na koo pia. Lakini alikuwa amemaliza mistari yake yote, asije dada yake akafikiri amelegea.

Kwamboka akakaa juu ya gunia. Akamwambia aushike mtungi, auzungushe, apige picha pande zote polepole, na atoe hicho kidole chake.

Picha nne zikaja. Akaikuza ya kwanza kwa vidole viwili. Chini, juu ya mkanda, kulikuwa na ile safu ya vijipicha: glavu, buti, kinyago, bomba la maji, kufuli la kuwazuia watoto. Akaisogeza juu. Pale kidole kilipokuwa asubuhi palikuwa na pembe nne yenye ukingo mwekundu, imesimama kwa ncha, na ndani yake fuvu la kichwa na mifupa miwili. Kando yake nyingine: kifua cha mtu kilichopasuka kama nyota, alama ya kitu kinachoharibu viungo vya ndani. Ya tatu ilikuwa samaki aliyekufa chini ya mti mkavu. Matumizi: kuua magugu katikati ya mistari ya chai, isiguse jani la chai. Na juu yake, kwa herufi ndogo kuliko jina la biashara, jina la dawa yenyewe. Parakwati, gramu mia mbili kwa lita.

Alilisoma mara tatu, kana kwamba lingebadilika.

Daftari lake la jioni lilikuwa kwenye mkoba, lakini hakulihitaji. Mwalimu alikuwa amelitaja neno hilo wiki ya tatu, akawaambia wapige mstari chini yake. Mkanda, alisema, hupimwa kwa kiasi kinachomwua panya haraka. Haukwambii kama kuna dawa ya kuizima. Hii haina. Ikigusa jani bichi jani linakauka, ikigusa udongo nguvu zake zinaisha, lakini ikipita koo la mtu inakwenda kukaa kwenye mapafu. Hata funda moja linatosha. Kwamboka alikuwa amepiga mstari huo kwa rula.

Akampigia. Alimwambia aache kila kitu, apande pikipiki, asipitie nyumbani kuoga, aje moja kwa moja hospitali na simu yenye zile picha. Lewis akacheka, akauliza kama sasa anataka kumlaza hospitali kwa sababu ya pilipili.

"Lewis, nilikudanganya asubuhi," Kwamboka akasema. "Sikujua nakudanganya. Njoo."

Hospitalini walipokewa na Owino, tabibu kijana mwenyeji wa upande wa ziwa, ambaye alizungumza nao Kiswahili cha polepole. Hakumtazama mgonjwa kwanza. Alichukua simu, akakuza picha kama alivyofanya Kwamboka, na Kwamboka akauona uso wake ukifanya kile ambacho uso wake mwenyewe ulikuwa umefanya juu ya gunia.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Owino akatazama saa ya ukutani. Haikuhitaji kutazamwa, nje watu walikuwa wameanza kufunga biashara. Alimpa Lewis kikombe cha mkaa mweusi uliokorogwa kwenye maji, akamsimamia mpaka akamaliza. Lewis akamaliza huku akilalamika kwamba huko kwao mkaa ni wa kuchoma mahindi. Meno yake yalikuwa meusi kama ya mzee wa tumbaku, naye akayaonyesha kwa makusudi. Muuguzi alicheka. Kwamboka hakuweza.

Kulikuwa na kipimo kimoja, Owino alisema, na unga wake ulitoka Kisii asubuhi iliyofuata. Waliuchanganya na mkojo wa Lewis katika chupa ndogo ya kioo. Kama hakuna kitu, mkojo ungebaki ulivyo. Kama kipo, ungegeuka bluu, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo mambo yalivyo mabaya. Kwamboka alisimama mlangoni mwa maabara akiomba rangi hafifu, rangi ya anga wakati wa ukungu, hata hiyo angeshukuru. Ilitoka kama wino.

Owino alimpeleka kando, penye benchi la wajawazito.

"Angekuja saa ile ile ningekuambia tujaribu," alisema. "Hata hapo ningeogopa kukuahidi. Sasa figo zitaanza. Halafu pumzi."

"Mtampa hewa ya mtungi."

"Hiyo ndiyo inauma zaidi, dada. Oksijeni inaichochea ile dawa. Tutachelewa kumpa mpaka iwe hakuna njia nyingine."

Akauliza kama Kisumu au Nairobi kuna kitu. Owino akasema angeandika barua wakitaka, na ndani ya sauti yake Kwamboka akasikia kwamba barua hiyo ingekuwa ya kuwaridhisha tu. Hata hivyo aliiomba. Aliiweka kwenye daftari.

Kilichomtesa siku mbili zilizofuata ni kwamba Lewis alionekana mzima. Vidonda vilikuwa vimejaa ulimini, lakini alikaa kitandani akila uji baridi kwa kijiko cha plastiki, akimtania Bosibori aliyeletwa kumwona, akiuliza nani anapuliza mistari yake. Mama yao alifika, akamwangalia, akamshukuru Mungu kwa sauti wodi nzima ikasikia. Kwamboka alimwacha ashukuru.

Siku ya nne pumzi ya Lewis ikafupika. Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, matatu tena, kama mtu aliyepanda mlima wa Manga mbio. Macho yalikuwa na umanjano. Mama alipotoka kutafuta chai, akamshika dada yake mkono.

"Mama Bosi. Ile picha. Hebu nionyeshe."

Kwamboka alitaka kukataa. Akaifungua. Akamwonyesha kila alama kwa kidole na kumwambia maana yake, bila kupunguza: kufuli, glavu, fuvu, kifua. Alimwambia pia kuhusu mkanda, na kwamba yeye aliutazama mkanda peke yake wakati watu wamejaa kwenye kaunta, na kwamba kama angeomba picha ya pili dakika ile, huenda wangewahi.

Lewis akavuta pumzi mbili fupi.

"Na mimi nilificha na kidole," alisema mwishowe. Kisha: "Itume. Kwa kikundi. Ya vibarua."

Kwamboka akasogeza simu ya Lewis karibu na mdomo wake, naye Lewis akarekodi. Alisema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, vipande vipande, kwamba wasivute kwa mdomo, wamwambie Nyamweya anunue pampu ndogo ya mkono ya kutolea dawa mtungini, na kwamba manjano isiwadanganye. Mwishoni kulikuwa na sekunde kumi za kupumua tu. Kwamboka hakuzikata. Akatuma sauti, akatuma na picha nne.

Alama za kusomwa zikaanza kugeuka bluu, moja baada ya nyingine. Mtu akaweka mikono ya kuomba. Mwingine akaandika pole sana ndugu, Mungu ni mwaminifu. Halafu Anyona, aliyekuwa akipuliza mistari inayopakana na ya Lewis, akaandika:

"Asante kwa kutuambia. Na ile ya mkanda wa bluu, hiyo tunaweza kuvuta?"

Lewis alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka upesi upesi chini ya shuka la hospitali. Kwamboka akamfunika miguu. Akajifuta uso kwa leso ya Bosibori, akashika simu kwa mikono miwili, na kuanza kuandika jibu, akimwomba Anyona kwanza aupige picha mtungi huo pande zote.