Kazi Yoyote Ile

Mjini Nachingwea, mtu akitaka barua ya kumwinua bosi kwenye kiti, alikwenda kwa Valentina. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele karibu na soko, mashine yake ya kuchapa ya chuma, karatasi za kaboni, na heshima ya kutosha kugawia wilaya nzima. Barua zake zilipiga magoti. Zilianza kwa kutoa heshima, zikaomba radhi kwa kuchukua muda wa mheshimiwa, zikamaliza kwa kumtakia mheshimiwa huyo afya njema na kazi njema. Wapo walimu na makarani waliopata ajira kwa barua hizo, na Valentina aliwajua wote kwa majina, kama mama anavyowajua watoto wake.

Mtoto wa kumlea alikuwa naye mmoja tu, Domitila, binti wa kaka yake kutoka Naipingo. Alimchukua akiwa hajaanza shule, akamsomesha, akamsindikiza mpaka Dar es Salaam kuchukua stashahada ya ufundi wa maabara. Siku aliporudi na koti lake jeupe, Valentina alilipiga pasi akalitundika ukutani mahali ambapo kila mteja angeliona. Sasa ilikuwa mwaka 2005, na koti lilikuwa halijatoka ukutani kwa miaka miwili.

Si kwamba Domitila alikuwa amekaa tu. Alituma maombi kila alipoona tangazo. Shida ni kwamba magazeti yalifika Nachingwea yamechoka, na mara nyingi siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imeshapita kabla gazeti halijashuka kwenye basi. Hospitali nazo zilitaka watu wa kupima damu na choo, na yeye alisomea kupima vyakula na mafuta. Kaka yake Domitila aliyekuwa Dar alishapiga simu kusema kuna nafasi kwenye duka lake la vifaa vya simu, na msimu wa ufuta ukiisha aje. Domitila hakutaka duka. Hakutaka pia kumwacha shangazi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, ingawa alilitaja kidogo.

Ndipo akasikia habari za kiwanda cha Ruangwa, Mwanga wa Kusini, kilichokuwa kinakamua mafuta ya ufuta. Hamidi, dereva wa lori lao, alikuja kuchapiwa barua ya leseni yake, akawa analalamika huku anasubiri. Mzigo wa mafuta ulikuwa umerudishwa tena na wanunuzi, wamesema yana asidi nyingi. Domitila alimuuliza ni nani kiwandani anayepima kabla lori halijapakiwa. Hamidi akasema wanachukua chupa moja wanaipeleka Dar kupimwa, na majibu huwa yanarudi lori likiwa limeshaondoka.

Usiku huohuo Domitila alikaa akaandika rasimu. Valentina aliisoma akavua miwani.

"Tangazo liko wapi?" akauliza.

Domitila akasema hakuna tangazo.

"Sasa unaomba kazi ambayo haipo? Hiyo ni sawa na kwenda kwenye harusi ya watu hujaalikwa, tena unauliza wali uko wapi."

Domitila alicheka, lakini hakurudi nyuma. Alieleza kwamba chuoni waliambiwa inawezekana: unaiandikia kampuni kabla haijatangaza, unamtaja meneja kwa jina badala ya kuandika tu "Meneja", unasema kwa nini umeichagua hiyo na si nyingine, unaonyesha utawafaa kwa lipi, halafu unaomba nafasi ya kuonana naye. Jina la meneja alishalipata kwa Hamidi: Bwana Saburi Mnaunga. Vyeti vilishagongwa muhuri mahakamani, wasifu wa kurasa mbili ulikuwa tayari, na wadhamini wawili, mkufunzi wake wa chuo na padri wa parokia, walikubali majina yao yatumike.

Valentina alichapa. Asubuhi karatasi ilikuwa mezani, safi, pembeni imenyooka, na Domitila, aliyekuwa anawahi kumkabidhi Hamidi barua kabla lori halijaondoka, aliweka sahihi chini bila kusoma. Nani angekagua kazi ya Valentina? Hata mkuu wa wilaya hakukagua.

Wiki haikuisha simu ya shangazi ikaita. Sauti ya mwanamke wa mapokezi ilisema Domitila anahitajika kiwandani kesho yake. Valentina alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Koti likashushwa ukutani, likapigwa pasi upya hata kama halikuwa na mkunjo, likafungwa ndani ya khanga ili lisipate vumbi la njiani. Domitila alipopanda gari alimwona shangazi yake anafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasikia raha mpaka akaogopa.

Bwana Saburi alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za Nachingwea, akamshukuru kwa kuja haraka. Halafu akamweleza kwamba mama aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi chai na uji amekwenda kujifungua, na jiko limebaki halina mtu. Mkataba ungekuwa wa muda, lakini mtu mwaminifu huwa hakosi kuendelea.

Domitila alidhani amechanganywa na mtu mwingine. Akasema kwa adabu kwamba yeye ni fundi wa maabara.

"Nimeona, dada yangu. Vyeti vizuri kabisa," Bwana Saburi akasema, akaigeuza barua upande wake. "Lakini hapa hatuna maabara. Na wewe mwenyewe umeandika."

Ilikuwa aya ya mwisho. *Hata hivyo, endapo nafasi hiyo haipo, nitashukuru sana kupewa kazi yoyote ile, hata ya kufagia au jikoni, na nitaifanya kwa utii na unyenyekevu.* Chini yake kulikuwa na sahihi yake, imekaa vizuri.

Domitila hakuhitaji kuuliza maneno yale yalitoka wapi. Aliisikia sauti ya shangazi ndani ya kila herufi. Alijisikia hasira, na papo hapo akasikia huruma. Tena kazi yenyewe ilikuwepo. Ruangwa hapo, karibu na nyumbani, si duka la Dar. Angeweza kupika chai na kungoja siku watakapokumbuka vyeti vyake. Lakini aliwajua watu. Ukishakuwa mama chai, hata ukivaa koti jeupe wanaona aproni.

"Bwana Saburi," akasema, "naomba unirudishie barua hii. Nitaleta nyingine."

Meneja alimtazama. Akasema amepokea wengi wanaolalamika kukataliwa, ila huyu ni wa kwanza kuja kuomba akataliwe. Domitila akasema hakatai kiwanda, anakataa aya ile. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa bado wazi, akamuuliza kilichokuwa kinamhangaisha tangu alipomsikia Hamidi: ufuta unapimwa unyevu unapopokelewa, au unaingia tu ghalani? Bwana Saburi akasema kipimo cha unyevu wanacho, ila wakati wa msimu, foleni ya wakulima ikifika barabarani, vijana wanapima gunia moja kati ya mengi. Na asidi ya mafuta? Hiyo ni Dar. Alijibu kwa uchovu, kama mtu aliyekwishaulizwa hayo na mwenye kiwanda kwa maneno makali zaidi.

Akamrudishia barua. Akasema mwenye kiwanda anakuja Alhamisi, na barua ikifika kabla ya hapo ataiweka mezani kwake, ila asitegemee kitu, maana nafasi kama hiyo haijawahi kuwepo.

Valentina alikuwa amepika wali wa nazi na kuku. Domitila aliona sufuria kwanza, na hasira yote aliyoipanga njiani ikapungua nusu. Hata hivyo aliiweka barua juu ya meza, akaweka kidole kwenye ile aya, akamweleza kazi aliyopewa.

Shangazi alifunika sufuria, akakaa mbele ya mashine yake.

"Niliogopa," akasema. "Barua yako ilikuwa imesimama sana. Nikasema wakiona mtoto wa kike anawaambia anachojua, watafunga mlango. Nikaona niache hata dirisha."

"Uliomba yoyote, shangazi. Wakanipa yoyote."

Valentina alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka na hakuyaficha, akasema miaka yote ameombea watu kwa kuwapigisha magoti, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyepiga magoti anaonekana mfupi. Domitila alimkumbatia kwa nyuma, mashine ikiwa mbele yao. Hakuna mtu duniani aliyempenda kuliko yule mama.

Kisha wakafanya kazi. Domitila aliandika upya: kila gunia linalotiliwa shaka lipimwe unyevu kabla ya kuingia ghalani, kila pipa lipimwe asidi kabla ya kupakiwa, kazi ya dakika chache kwa mizani ndogo, bureti, yaani mrija wenye alama za vipimo, spiriti, magadi makali yaliyopimwa, na matone ya dawa inayogeuka waridi asidi inapoisha, chumba cha stoo kingetosha, na aliomba miezi mitatu ya majaribio, wampime kwa mizigo inayorudi. Valentina alichapa kwa mateso. Alipofika mahali pa "kwa heshima na taadhima" vidole vyake vilisimama hewani vyenyewe, akavishusha. Lakini ndiye aliyeona kosa moja ambalo chuo hakikuliona.

"Habari za mizigo kurudi umeziweka ukurasa wa pili," akasema. "Bosi hafiki huko. Nawajua mabosi, mwanangu. Mwekee mstari wa kwanza kile kinachomnyima usingizi."

Wakakipandisha juu. Safari hii Domitila alisoma yote kabla ya kuweka sahihi, na shangazi alisimama pembeni amekunja mikono, akimtazama anavyosoma, hajaudhika hata kidogo.

Ijumaa simu iliita. Alikuwa Bwana Saburi mwenyewe. Mwenye kiwanda alisoma mstari wa kwanza akauliza huyu mtu yuko wapi. Miezi mitatu, kama alivyoomba, na vifaa vingeagizwa Dar kwa orodha yake. Ila jikoni bado hawana mtu, meneja akaongeza, kama anamjua yeyote.

Domitila akapanga chumba Ruangwa. Jumapili ya kwanza aliporudi Nachingwea alimkuta shangazi yake na mteja, mzee Eustakio wa Ruponda, aliyekuwa mlinzi na fundi wa pampu za maji kabla mradi haujafungwa. Alitaka barua ya kuomba kazi kwenye kampuni moja ya ujenzi. Valentina alikuwa ameshaingiza karatasi na kaboni.

"Kazi gani, baba?" akauliza.

Mzee akasema yoyote ile, mama, hata ya kufagia.

Valentina akaondoa mikono kwenye mashine, akaiweka mapajani.

"Hiyo hawana," akasema. "Niambie unachojua kufanya, hapo ndipo nitaandika."