Bado Mmoja

Kutoka kituo cha mtaani kwetu hadi hospitali ni dakika kumi na mbili kwa gari. Barabara yenyewe haijawahi kumchelewesha mtu. Kinachotumaliza ni kungoja gari lijae, na hilo halina kipimo: jana dakika nne, juzi hamsini.

Baba alipangiwa kupasuliwa tumbo saa mbili asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, nataka nikuone kabla hawajaniingiza. Usinibebee chochote, njoo tu." Baba yangu si mtu wa kuomba. Nikamwahidi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kituoni. Gari lililokuwa zamu lilikuwa na viti kumi na vinne, na ndani nilihesabu vichwa kumi na viwili. Mpiga debe akaniwahi.

"Dada, bado wawili tu, tunaondoka."

Nikapanda haraka. Sasa bado mmoja.

Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Baba amepiga debe kituo hichohicho miaka ishirini na sita, na ndiye aliyenifundisha ujanja wao. Gari tupu halipandwi. Kila mtu anataka kuwa wa mwisho kuingia. Kwa hiyo vijana wa kituo hukaa vitini kama abiria, na abiria wa kweli akija, mmoja wao hushuka. "Watazame mikono," Baba alikuwa akiniambia. "Msafiri ana mfuko, ana mtoto, ana bahasha. Wa kujazia ana mikono mitupu, na hana haraka." Nilijua yote hayo, lakini roho ilikuwa juu, nikahesabu vichwa, mikono nikaisahau.

Akaja mwalimu mmoja na mkoba wake, akakaa pembeni yangu. Nikashusha pumzi. Kijana wa kiti cha mbele akafungua mlango, akasema anaenda kununua vocha. Hakurudi. Akaja mama wa nyanya na kapu lake, na wa nyuma kabisa naye akakumbuka kitu nyumbani, akashuka. Ikawa hivyo mara tatu tena, mmoja anapanda, mmoja anashuka. Dereva alikuwa anatia moto, anasogea hatua mbili mbele, kisha anarudi nyuma polepole.

"Kaka, tunaondoka saa ngapi?" nikamuuliza mpiga debe.

"Dada yangu, bado mmoja."

"Na huyo mmoja hajazaliwa," akasema mwalimu. Hakuna aliyecheka.

Utasema ningeshuka. Gari la nyuma yetu haliruhusiwi kupakia mpaka hili liondoke. Pikipiki ilinivunja goti mwaka juzi, sipandi tena, na kwa goti hilo kutembea hadi hospitali ni zaidi ya saa nzima. Halafu ukishakaa nusu saa unaona uchungu kuiacha hiyo nusu saa kwenye kiti, unasema ngoja kidogo, labda sasa hivi. Nimechoka na hiyo labda. Nusu ya maisha yangu imeishia humo.

Wawili wa mwisho wa kujazia walishuka wenyewe, wakaenda kunywa chai. Saa mbili kasoro dakika tano, tulikuwa kumi na mmoja wa kweli. Nikamwambia kondakta nalipia viti vitatu vilivyobaki, twende.

"Ungesema mapema, dada," akanijibu.

Nilitamani kumrarua.

Wodini nilikuta kitanda cha Baba hakipo. Zilibaki ndala zake kando ya ukuta, zimepangwa vizuri. Mzee wa kitanda cha jirani alinitazama kwa huruma.

"Wewe ndiye binti yake? Wamemchukua sasa hivi. Amewasumbua sana. Kila wakishika kitanda anawaambia, subirini, bado mmoja. Wamengoja dakika kumi, nesi akasema daktari hawezi kungoja tena."

Nikakaa kwenye benchi, nikalia bila kujificha. Kutwa nzima nilikaa pale, na kila aliyepita na koti jeupe nilisimama.

Walimrudisha alasiri, akafumbua macho jioni.

"Nilikungoja," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa kituoni, Baba. Tangu saa kumi na mbili na nusu."

"Wa kujazia walikuwa wangapi?"

"Saba."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kumfunika.

"Watu walikuwa wananiambia wana mgonjwa hospitali," akasema. "Nilidhani huo ndio ujanja wao."