Dari Haisubiri Daktari

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, mikono yangu ikiwa myeupe kwa chokaa, nikaufungua kwa ncha ya kidole kidogo. Ulitoka kwa Bi Shadya, anayeshughulikia wafanyakazi katika kampuni yetu ya kukarabati majumba ya Mji Mkongwe. Kipimo changu cha afya cha mwaka kilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, nije na kitambulisho. Nikausoma mara tatu, nikaitia simu mfukoni, nikaitoa tena.

Mimi ni fundi wa chokaa, na wiki ile tulikuwa tunasakifu dari ya nyumba ya ghorofa tatu kule Kiponda. Asiyeijua kazi hii hufikiri kusakifu ni kumwaga zege na kwenda kunywa chai. Siyo. Boriti zikishapangwa na mawe kulazwa juu yake, humwagwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, kisha watu ishirini hukaa chini kwa safu wakaigonga kwa vipande vya mbao, siku tatu, huku ikinyunyizwa maji. Ukisimama katikati, chokaa inakauka na nyufa ndani yake, na mvua ya kwanza itakuonesha. Na vuli ilikuwa inanukia. Mwenye nyumba, Bwana Turki, alishaambiwa kwa maandishi kwamba dari itafungwa Ijumaa.

Kumwaga ni Jumatano. Kugonga ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na kipimo ni Alhamisi. Mtu yeyote angesema sababu ninayo, na ni sababu ya kweli.

Ila nitasema na ile nyengine, maana hapa sina wa kumficha. Tangu mwezi wa sita kifua changu kilikuwa hakinitii. Nikipanda ngazi za ghorofa ya pili nasimama nikijifanya naitazama ngazi. Asubuhi nakohoa mpaka machozi. Nna miaka arubaini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo nimeipitisha nikichekecha chokaa kavu, kitambaa kikining'inia shingoni badala ya kukaa puani. Nilijua mashine yao ile ya kupuliza itasema nini. Itasema niteremke darini, na mimi sijui kazi nyengine duniani.

Zaidi ya hayo, mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Kugonga bila ya wimbo hakwendi, kila mtu anapiga pigo lake na dari inatoka mawimbi mawimbi. Mmoja anatoa shairi, wengine wanaitikia, na vipande vinashuka pamoja. Nilirithi kazi hiyo kwa mjomba wangu na sikuwahi kumwachia mtu. Wagongaji wetu wengi ni wanawake, wakiongozwa na Bi Kidawa wa Mwanakwerekwe, na siku hizi walikuwa wamezua tabia ya kurudia kiitikio mara mbili. Nimeshawagombeza kwa jambo hilo. Niliwaambia huu si ukumbi wa harusi. Waliinamisha vichwa, na kesho yake wakarudia vile vile.

Adhuhuri nilinawa, nikaenda ofisini. Ni mwendo wa dakika saba, nami niliutembea kama mtu anayefukuzwa, kisha nikasimama nje nikisubiri pumzi inirudie ili nisiingie nikihema. Bi Shadya alikuwa mezani na miwani yake. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi lakini ana ule utulivu wa watu wa mafaili, unaonifanya nihisi nimevaa viatu vichafu. Siku ile nilikuwa nimevaa kweli.

Nikamweleza habari ya dari kwa kirefu, siku tatu, nyufa, vuli, Bwana Turki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuomba kubadilishiwa siku si kosa, wengi wanaomba, bora mtu aseme kabla kuliko kutotokea akaacha nafasi ya kituo ikapotea bure. Alichotaka ni maandishi mafupi: tarehe iliyopangwa, sababu, na tarehe ninayoitaka mimi. Akanipa karatasi na kalamu.

Niliandika nikiwa nimesimama. Nikaomba kipimo kisogezwe mbele wiki tatu, kwa sababu ya kazi ya kusakifu isiyoweza kukatishwa. Mkono wangu uliandika vizuri kuliko siku zote. Nikamkabidhi, na nikahisi kifua kimepata wasaa kidogo, mjinga mimi.

Alisoma, akaligonga jina langu kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Fundi, cheti chako cha mwaka jana kinakwisha Ijumaa hii," alisema. "Wiki tatu siwezi kukupa. Kuanzia Jumamosi, bila ya cheti, mimi mwenyewe ndo nitakaekuzuia usipande darini."

Nikasema basi tuiache mpaka Ijumaa jioni. Akasema Ijumaa kituo kinafunga kabla ya sala. Nikasema Jumatatu ijayo. Akasema cheti kitakuwa kimekufa. Nikaanza kusema jambo jengine, sijui lipi, lakini alikuwa ameshanyanyua simu. Alizungumza na kituo kwa sauti ya kawaida kabisa, akawaeleza kwamba Alhamisi haiwezekani kwa kazi, akauliza wana nafasi gani kabla ya hapo. Akaandika kitu pembeni ya barua yangu.

"Kesho, saa moja na nusu asubuhi," alisema. "Kesho hamumwagi wala hamugongi, si ndivyo ulivyonambia?"

Ndivyo nilivyomwambia. Nilimwambia kwa kinywa changu, na kwenye barua nikaandika kwa mkono wangu. Niliomba siku ibadilishwe, nayo imebadilishwa. Nikasema ahsante. Akaniambia saa za kipimo zinahesabiwa ni za kazi na gharama ni ya kampuni, nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi wenyewe ulikuwa umeshavua viatu ukakaa kitako.

Siku ile yote sikutulia. Niliihesabu mifuko ya chokaa mara nne. Nilimgombeza kijana wa kunyunyiza maji kwa sababu ya ndoo iliyokuwa mahali pake. Nilifikiria kuugua, nikakumbuka kwamba ndio kwanza wangenipeleka hospitali.

Jumanne saa moja na robo nilikuwa kwenye benchi la kituo. Walinipima presha, mkojo na macho, wakanipiga picha ya kifua. Wakanifungia kwenye chumba kidogo na visikilizio masikioni, ninyanyue mkono kila nikisikia mlio. Hapo nilifurahi, masikio yangu yanasikia mpaka nzi akikanyaga ukuta. Mwisho ikaja mashine ya kupuliza. Nilipuliza mara ya kwanza, daktari akaniomba tena. Mara ya pili akaniomba tena, akasema nipulize kwa nguvu mpaka pumzi iishe yote. Ya tatu nilikohoa nikashika meza.

Daktari jina lake Abeer, binti mwenye sauti ya chini. Alingoja nimalize kukohoa, akaniuliza tangu lini. Nilikuwa nimejiandaa kusema tangu juzi, mafua tu. Nikasema tangu mwezi wa sita. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa ameshaiweka kalamu chini.

Aliniambia picha haina kifua kikuu wala uvimbe, lakini njia za pumzi zimebana, na vumbi la chokaa lina mkono wake hapo. Akaniandikia dawa ya kuvuta, na barua ya kwenda kwa daktari wa kifua. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu, nikamuuliza wazi kama ofisini watasoma hayo yote.

"Jina la ugonjwa ni lako, haliendi kwao," alisema. "Wao watapata neno moja, unafaa au hufai, na masharti kama yapo."

Masharti yapo, nikajua. Hakuna daktari anayemwona mtu ameshika meza akamwachia hivi hivi.

Jumatano tulimwaga chokaa tangu alfajiri, na saa tatu safu zikakaa. Nilikuwa nimeshasimama mbele yao na kipande mkononi, ndipo Bi Shadya akatokeza kwenye ngazi, na bahasha. Hajawahi kupanda darini. Alinivuta pembeni karibu na ukuta, akanipa karatasi niisome mwenyewe. Anafaa kwa masharti. Asichekeche wala kuchanganya chokaa kavu. Asifanye kazi ya nguvu mfululizo. Avae barakoa. Apimwe tena baada ya wiki sita. Aweza kusimamia.

Bi Shadya alisema cheti ni halali na dari ni yangu bado, ila kipande nikiweke chini, leo hii, mbele yake. Hakuniuliza naumwa nini. Nikataka kukasirika nikakosa wa kumkasirikia. Yeye amefanya kile kile nilichomwomba.

Nikarudi mbele ya safu. Watu ishirini wananitazama na chokaa inaanza kushika. Nilihisi aibu, nasema kweli, aibu ya mtu mzima anayevuliwa kanzu njiani. Nikawaambia kwamba daktari amenikataza kugonga, na kwamba pumzi yangu haitoshi kugonga wala kuimba, wimbo auanzishe Bi Kidawa. Nikangoja minong'ono. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna hata aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikamuuliza Bi Kidawa kama ameambiwa na mtu wa ofisini.

Alikuwa anajifunga kanga kiunoni, hakuninyanyulia macho.

"Nani atwambie, Fundi? Tangu mwezi wa sita twakurejeshea kiitikio mara mbili," alisema. "Upate kupumua."

 Nilijifanya natazama kingo za dari, kama ninavyoitazama ngazi. Nikakumbuka nilivyowasimamisha siku ile kwenye jua nikawaambia maneno ya ukumbi wa harusi, na jinsi walivyoinamisha vichwa. Macho yaliniwasha, na safari hii haikuwa chokaa.

Nikavaa barakoa, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembezoni mwa safu, penye kusikika vizuri, maana dari ikiiva mlio wake hubadilika na masikio hayo hawajanikatalia. Bi Kidawa akatoa shairi, sauti yake nyembamba lakini imenyooka. Vipande ishirini vikashuka pamoja. Wakaitikia, nami nikaitikia pamoja nao chini ya barakoa, nikisubiri ile mara ya pili.

Kiitikio kikaja mara moja tu, na wimbo ukaendelea.